Joto la dohani halilingani: kosa halipo kwenye marudio

*Shikamoo mwalimu. Nina swali la dohani ya tofali: nje sm 80 kwa sm 80, tundu la ndani sm 40 kwa sm 40. Uso wa ndani una nyuzi 330, hewa ya nje nyuzi 30, k ya tofali ni 0.7 na h ya nje ni 14. Nimechora gridi ya sm 10, nikatumia sehemu moja ya nane, nikarudia hesabu mara 200. Joto linaloingia kwa kila mita ya urefu napata wati 2,247 na linalotoka wati 2,276. Nikiongeza marudio, tofauti haipungui. Mwenzangu anasema asilimia moja si kitu. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Mwenzako asikupoteze. Asilimia moja hiyo imefunika kosa la karibu asilimia 20, kwa maana milingano yako ikitatuliwa sawasawa inatoa wati 1,896 kuingia na wati 1,896 kutoka. Nyuzi zako za joto huenda ni sahihi zote. Kilichoharibika ni hesabu ya mwisho, pale ulipojumlisha joto, na namba zako mbili zenyewe zinaonyesha ni wapi.

Anza na kanuni hii: tofauti isiyopungua marudio yakiongezeka haikuletwa na marudio. Baada ya mizunguko 200 kwenye gridi ndogo kama hii, kila nodi imeshatulia hadi desimali nyingi. Na kwa kuwa kila mlingano wa nodi ni mizania ya joto, milingano yote ikitimia, jumla ya kinachoingia lazima iwe sawa na jumla ya kinachotoka kwa usahihi uleule. Isipokuwa hivyo, ama kuna mlingano mmoja usio mizania ya kweli, ama umejumlisha vipande visivyo vile ulivyotumia kwenye milingano. Wewe ni hili la pili. Tupitie yote mawili, maana linaeleweka tu ukijua mlingano wa nodi unatoka wapi.

Nodi si nukta tu. Ina himaya yake: mraba wa sm 10 kwa sm 10 unaoizunguka, wenye kina cha mita moja kuingia kwenye karatasi. Joto hupita kati ya nodi na jirani yake kama linavyopita kwenye kijiti cha tofali: k mara upana wa njia, gawanya kwa urefu wa njia, mara tofauti ya nyuzi. Kwenye gridi ya mraba, upana na urefu wa njia ni sm 10 vyote, kwa hiyo vinafutana na kubaki k peke yake. Nodi ya ndani ina njia nne za namna hiyo. Katika hali tulivu hakuna joto linalolimbikizwa, hivyo jumla ya yanayoingia kwa njia nne ni sifuri, nayo k inafutika. Hapo ndipo unapotoka ule wastani wa majirani wanne ambao watu huukariri. Ukiukariri bila kujua asili yake, utautumia hata mahali ambapo njia si nne au si nzima.

Sasa kipande chako cha moja ya nane. Simama katikati ya ukuta mmoja, kwenye mhimili wa ulinganifu, utembee kuelekea kona. Katikati ya unene wa ukuta kuna nodi nne: A iko kwenye mhimili, B ni sm 10 kutoka hapo, C ni sm 20, mkabala kabisa na kona ya tundu, na D ni sm 30, juu ya mstari wa ulalo. Kwenye uso wa nje kuna tano: E mbele ya A, F mbele ya B, G mbele ya C, M mbele ya D, na N ambayo ndiyo kona ya nje.

A imekaa kwenye kioo. Jirani yake wa kushoto ni pacha wa B, kwa hiyo B anahesabiwa mara mbili: A = (330 + 2B + E)/4. B na C ni za kawaida, kila moja ikiwa na uso wa ndani kama jirani mmoja. D iko kwenye kioo cha ulalo: majirani wake wawili wa upande wa tundu ni C na pacha wa C, na wawili wa upande wa nje ni M na pacha wa M. Inakuwa D = (2C + 2M)/4, yaani (C + M)/2. Wanafunzi wengi huikosea D kwa kuandika jirani wa upande mmoja tu na kugawanya kwa nne. Ukifanya hivyo, D hushuka mno na kuvuta C nayo chini, na kosa hilo marudio hayalirekebishi.

Uso wa nje unahitaji uangalifu zaidi. Himaya ya nodi kama F ni nusu ya mraba: upana sm 10, kina sm 5 tu kuingia ukutani. Njia yake ya kwenda B ni nzima, lakini njia za kwenda E na G, zinazopita sambamba na uso, zina upana wa sm 5, kwa hiyo kila moja inabeba nusu ya k. Upande wa nne ni hewa, na hapo joto linaloondoka ni h mara sm 10 mara tofauti ya F na hewa. Andika mizania, gawanya kote kwa k, zidisha kwa mbili ili nusu ziondoke, nawe unapata

F = (2B + E + G + 2·Bi·30)/(4 + 2·Bi)

ambapo Bi ni namba ya Biot ya gridi, h mara upana wa gridi gawanya kwa k. Kwako ni 14 × 0.1 / 0.7 = 2, kwa hiyo kigawanyo ni 8. G na M zinafuata umbo hilohilo. E iko kwenye kioo, basi F anahesabiwa mara mbili.

Kona N ni robo ya mraba. Ina njia mbili za nusu upana, moja kwenda M na nyingine kwenda pacha wa M, na uso wa hewa wa sm 5 upande huu na sm 5 upande ule. Mizania yake inatoa N = (2M + 2·Bi·30)/(2 + 2·Bi), yaani kigawanyo ni 6 na si 8. Ukimpa N mlingano wa uso bapa, nyuzi zake hazitaonekana za ajabu kwa macho, maana kona ile ni baridi vyovyote iwavyo. Utalibaini kosa kwenye mizania tu.

Hii hapa hesabu nzima. Kila nodi hutumia thamani mpya za zilizoitangulia mara tu zinapopatikana, ndiyo njia ya Gauss-Seidel:

```python
Ti, Th, Bi = 330.0, 30.0, 2.0
A = B = C = D = 180.0
E = F = G = M = N = 80.0
s, z = 2*Bi*Th, 4 + 2*Bi
for n in range(40):
    A = (Ti + 2*B + E)/4
    B = (Ti + A + C + F)/4
    C = (Ti + B + D + G)/4
    D = (C + M)/2
    E = (2*A + 2*F + s)/z
    F = (2*B + E + G + s)/z
    G = (2*C + F + M + s)/z
    M = (2*D + G + N + s)/z
    N = (2*M + s)/(2 + 2*Bi)
ndani = 5.6*((Ti-A)/2 + (Ti-B) + (Ti-C))
nje = 11.2*((E-Th)/2 + (F-Th) + (G-Th) + (M-Th) + (N-Th)/2)
print(ndani, nje)
```

Ukianza na 180 katikati na 80 nje, C inakwenda hivi mzunguko hadi mzunguko: 196.4, 188.9, 186.1, 184.3, 183.5, kisha inatulia kwenye 182.9. Mwisho wa yote A ni 204.9, B 201.0, C 182.9, D 121.6, nje E ni 87.8, F 86.1, G 79.0, M 60.3 na N 40.1. Linganisha na zako. Zikifanana, milingano yako haina tatizo.

Mistari miwili ya mwisho kabla ya `print` ndiyo jibu la swali lako. Tazama zile nusu. Namba 5.6 ni k mara vipande nane, na 11.2 ni h mara mita 0.1 mara vipande nane. Sasa A imekaa juu ya mhimili: njia yake ya sm 10 kutoka uso wa ndani imegawanyika, sm 5 ziko ndani ya kipande chako na sm 5 ziko kwenye kipande pacha. Ukiihesabu nzima halafu ukazidisha kwa nane, umeihesabu mara mbili. E ni vilevile kwa upande wa hewa, na N vilevile, kwa kuwa kipande chako kina sm 5 tu za uso wake. B, C, F, G na M ni nzima. C inaweza kukutia shaka kwa sababu imetazamana na kona ya tundu, lakini mlingano wa C umetumia njia nzima kutoka kwenye kona hiyo, basi na jumla lazima iitumie nzima. Mpaka wa njia kwenye jumla ni uleule uliotumika kwenye mlingano, huchori mpya.

Kwa nusu zake, upande wa ndani unatoa 5.6 × (62.5 + 129.0 + 147.1), yaani wati 1,896. Upande wa nje unatoa 11.2 × (28.9 + 56.1 + 49.0 + 30.3 + 5.1), wati 1,897 kwa tarakimu hizi zilizokatwa, programu itakupa 1,896.5 pande zote mbili. Ukisahau nusu, upande wa ndani unazidi kwa wati 350 na wa nje kwa wati 380. Jumlisha: 2,247 na 2,276. Ndizo namba ulizoleta, hadi wati ya mwisho. Makosa mawili makubwa yamekaribiana kwa bahati, na ile asilimia moja iliyobaki ni tofauti kati yao. Ndiyo sababu nashikilia kwamba mizania isamehewe kitu kimoja tu, nacho ni ukataji wa desimali. Programu iliyotulia ikitofautiana kwa wati 30 kati ya 1,900, kuna kitu kimeandikwa vibaya na ni lazima kitafutwe.

Na kosa lisipopatikana kwenye jumla, tafuta nodi kwa nodi. Chukua nyuzi za mwisho na kwa kila nodi uandike upya, kwa mkono na bila kutazama programu, joto linaloingia kwa kila njia kwa wati. Jumla isiyokuwa sifuri inamtaja mkosaji. Kwa nodi tisa ni kazi ya dakika chache.

Umesema ulirudia mara 200. Hapa mizunguko kama 12 ingetosha kufikia nyuzi 0.01, kwa sababu kosa lililobaki linapungua kwa takriban nusu kila mzunguko. Lakini usijifunze kutokana na gridi hii kwamba mabadiliko madogo ni dalili ya kufika. Kama kila mzunguko unaacha sehemu r ya kosa lililotangulia, basi kosa lililobaki ni sawa na badiliko la mwisho mara r/(1 − r). Kwa r ya 0.5, kosa lililobaki ni sawa na badiliko lenyewe, hakuna tatizo. Gridi ikiwa laini, r husogea karibu na moja. Ikifika 0.98, badiliko la nyuzi 0.1 linaficha kosa la karibu nyuzi 5, na programu iliyoambiwa isimame badiliko likishuka chini ya 0.1 itasimama hapo. Unaweza kuikadiria r mwenyewe kwa kugawanya badiliko la mzunguko huu kwa badiliko la uliotangulia, kwenye nodi ileile, baada ya mizunguko ya mwanzo kupita.

Mimi napendelea kusimamisha kwa mizania. Baada ya mzunguko wa nne wa hesabu yako, joto linaloingia ni wati 1,879 na linalotoka ni 1,917. Pengo la wati 38 linasema wazi kwamba bado. Mizunguko ikiendelea, pengo hilo linajifunga, na ukisubiri liwe chini ya wati moja unajua unachokipata. Pengo linalojifunga polepole ni la marudio; lililoganda ni la mlingano au la jumla. Tofauti hiyo peke yake inakuokolea saa nyingi.

Limebaki jambo ambalo mizania haiwezi kukuonyesha, nalo ni ukali wa gridi. Wati 1,896 ni jibu sahihi la milingano yako, lakini milingano yenyewe ni picha ya dohani kwa gridi ya sm 10, ambayo ina hatua mbili tu katika unene wa ukuta. Ili kupima picha hiyo, ondoa hewa kwa muda na ushikilie uso wa nje kwenye nyuzi moja. Zinabaki nodi A, B, C na D tu, unaweza kuzitatua kwa kalamu, na joto unalopata ni k mara tofauti ya nyuzi mara 10.84. Kwa umbo hili, mraba ndani ya mraba wenye upana maradufu, thamani ya kweli inajulikana: ni 10.23. Gridi yako imezidisha kwa karibu asilimia 6.

Mkosaji ni kona ya tundu. Pale tofali linaizunguka hewa moto kwa pembe ya nyuzi 270, joto linakimbilia kwenye ncha, na kihesabu mtiririko kwa eneo hapo hauna kikomo. Gridi ya sm 10 inauwakilisha mtiririko huo wote kwa mstari mnyoofu kutoka 330 hadi C. Kona ya nje haina ubaya huo. Joto hapo ni dogo na linabadilika kwa upole.

Unaweza kulithibitisha hata kwenye swali lako lenye hewa, bila kompyuta. Jifanye kwamba uso wote wa nje una nyuzi moja, kisha panga vizuizi viwili mfululizo: ukuta, 1/(10.23 × 0.7), na hewa, 1/(14 × 3.2), ambapo 3.2 ni mzingo wa nje kwa mita. Joto linakuwa karibu wati 1,850. Kusawazisha uso kwa namna hiyo kunalipa joto njia rahisi zaidi kuliko ilivyo kweli, kwa hiyo jibu la kweli haliwezi kuzidi 1,850. Wati zako 1,896 ziko juu ya kikomo hicho, na sasa unajua sababu.

Kwa hiyo gawanya gridi iwe sm 5 na ulinganishe. Nodi zisizojulikana zitakuwa 30 badala ya 9, na mizunguko itahitajika takriban mara nne ya mwanzo kwa usahihi uleule, bado ni kazi ya sekunde. Usitarajie kosa lishuke hadi robo kama vitabu vinavyosema kwa maumbo laini: kona ya ndani inalipunguzia kasi, linashuka hadi karibu asilimia 40 ya lilivyokuwa. Ukiwa na gridi mbili mkononi, toa majibu yote mawili kwenye ripoti, msomaji aone yanaelekea wapi.

Unapobadili gridi, Bi inabadilika nayo. Kwa sm 5 inakuwa 14 × 0.05 / 0.7 = 1, kigawanyo cha uso bapa kinakuwa 6 na cha kona 4. Kwenye jumla, 5.6 inabaki vilevile kwa kuwa ni k mara nane, lakini 11.2 inakuwa 5.6 kwa kuwa ina upana wa gridi ndani yake. Nodi ya mhimili bado ni nusu kwa ndani na kwa nje, na kona ya nje bado ni nusu.